Alama ya Kumi na Sita

Kabla adhana haijasikika, kitasa cha sanduku la bati kililia, tak, kisha mfuniko ukanung'unika kwenye bawaba zake. Shifa, aliyekuwa amelala mkekani upande wa pili wa pazia, aliijua sauti hiyo tangu utotoni. Jaja Hajarah hakulifungua sanduku lile ovyo. Lilifunguliwa siku ya Idd, siku ya msiba, na siku akija mgeni wa heshima. Kila kilichokuwa kizuri nyumbani mwao kilikaa humo, kwa sababu miaka ya vita ilikuwa imemfundisha bibi huyo kwamba kizuri kikionekana huchukuliwa.

"Jaja, unatafuta nini gizani?"

"Natafuta usingizi wako. Niliusikia ukitoka na kuingia usiku mzima kama kuku asiye na banda." Akacheka kidogo. "Amka, mwanangu. Leo si siku ya mtihani?"

Ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo, ule wa mwisho. Shifa angemhudumia mgonjwa mmoja mbele ya mtahini kutoka Mbale, kisha angeulizwa maswali. Akifaulu, angekuwa mwuguzi. Akishindwa, sheria ya shule iliruhusu aondolewe, na nyuma yake kulikuwa na foleni ya wasichana waliokuwa wakiitaka nafasi hiyo.

Bibi akaweka makaa ndani ya pasi, akanyoosha gauni la sare polepole, akiruka pale alipokuwa ameshona kiraka kwa uzi mweupe. Nje, nyumba za wafanyakazi za Walukuba zilikuwa kimya. Kiwanda kilichozijenga kilikuwa bado hakijarudi kazini tangu vita, na watu hawakuwa na king'ora cha kuwaamsha. Shifa alilala nyumbani kwa sababu bweni la shule halikuwa na paa tangu wanajeshi walipokaa humo.

Alipokuwa akitoka, Jaja alimtia mkononi kipande cha karatasi kilichosokotwa.

"Sukari? Jaja, hii si ya Idd?"

"Idd itakuja na yake. Ukimaliza kuulizwa, kunywa chai yenye sukari, mwili urudi. Haya, Bismillahi, nenda."

*

Hospitali ya misheni ilikuwa juu ya kilima, njia ya Mafubira. Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda vya kila namna, vingine vimefungwa kwa waya, lakini sakafu ilisuguliwa kila asubuhi hata ikang'aa.

Mgonjwa wa Shifa alikuwa kitanda cha dirishani: Afande Yekosofati Mafabi, askari jela, mtu wa Mbale. Mwaka huo vita vilikuwa vimetulia upande wa Jinja lakini bado vinawaka Teso, naye alikuwa ametoka huko kwa miguu akiwasindikiza wafungwa ili wasichinjwe njiani. Kiatu kilimchubua kidole. Naye, kwa kuwa alikuwa na ugonjwa wa sukari bila kujua, kidonda kikaoza. Sasa alikuwa akisafishwa kidonda kila siku na kuchomwa insulini asubuhi na jioni.

Wagonjwa wengine hawakumpenda. Alisema Kiswahili cha kambini, kile cha wanajeshi walichokisikia kwenye vizuizi vya barabarani, na kila akifungua mdomo wodi nzima ilinyamaza. Shifa hakukiogopa. Nyumbani kwao, kama kwa Waislamu wengi wa mjini, Kiswahili kilikuwa lugha ya kuombea chumvi kwa jirani.

"Wewe dada," Mafabi alimwambia asubuhi hiyo, "leo mimi ni mtihani yako, eh? Nikilia, utaanguka?"

"Ukilia, Afande, nitasema ni furaha."

"Haya. Leta risasi yako."

Chupa ya insulini iliyokuwa ikitumika ilikuwa imeisha jana jioni. Kabatini kulikuwa na nyingine, kutoka kwenye maboksi ya msaada yaliyofika juma lile, yenye kifuniko cha rangi ya chungwa. Shifa alisoma jina la dawa, akasoma tarehe ya kuharibika. Bomba la sindano lilikuwa lile la kioo la siku zote, limechemshwa, liko ndani ya kopo lake. Dozi ya Mafabi ilikuwa yuniti kumi na sita. Akavuta dawa hadi alama ya kumi na sita, akagonga viputo vya hewa vikatoka.

Sheria ilitaka mwuguzi aliyehitimu aje aangalie chupa na bomba kwa macho yake. Sista Nulu, mkuu wa wodi, alikuwa mwisho wa chumba akitandika shuka kwa ajili ya wageni.

"Ni insulini?" aliuliza kwa mbali.

"Ndiyo, Sista."

"Kumi na sita?"

"Kumi na sita."

"Choma basi, wasije wakatukuta hivi."

Shifa akachoma. Uji ulipaswa kufika baada ya nusu saa. Lakini mvua ya usiku ilikuwa imelowesha kuni, na jikoni mpishi Topista alikuwa akipuliza moto huku machozi yakimtiririka.

*

Mtahini alikuwa Sista Margret, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo na viatu vilivyotengenezwa mara nyingi. Alikaa kwenye kiti miguuni pa kitanda na kusema, "Fanya kana kwamba sipo."

Shifa alinawa, akafungua bendeji, akaanza kusafisha kidonda. Aliona kwanza kwamba Afande hakuwa akitania. Halafu akaona jasho limemjaa usoni, na asubuhi ilikuwa na baridi. Mkono wake ulitetemeka juu ya blanketi.

"Afande? Unajisikiaje?"

"Wafungwa wako wapi?" akasema. "Wahesabu. Mmoja amepungua."

 Shifa akaacha kidonda, akakifunika kwa shashi safi. "Sista, sukari yake imeshuka. Naomba msaada." Uji haukuwepo. Akatoa mfukoni karatasi ya Jaja, akakoroga sukari yote kwenye kikombe cha maji, akamwinua mzee kichwa. Alimeza mara mbili, tatu. Halafu shingo ikalegea na maji yakamtoka pembeni mwa mdomo. Shifa aliondoa kikombe mara moja, akamgeuza ubavu.

"Mbona umeacha?" aliuliza Sista Margret, ambaye tayari alikuwa amesimama.

"Hamezi tena. Itaingia kifuani. Anahitaji glukosi ya mshipani."

Sista Nulu alikuja mbio na ampuli kubwa ya glukosi nzito. Shifa alishika mkono na kufunga mpira, Nulu akapata mshipa, akasukuma polepole. Wodi yote ilitazama. Dawa ilikuwa bado haijaisha bombani Mafabi alipofumbua macho na kuuliza kwa hasira ni nani amemlowesha.

Mtu wa kitanda cha pili, ambaye hakuwahi kumsemesha, alimwita Shifa na kutoa ndizi mbivu chini ya mto wake. "Mpe," alisema, akitazama kwingine.

Sista Margret alimgusa Shifa bega. "Umefanya vizuri sana. Nenda ukanywe maji. Ukirudi utanieleza kwa nini sukari ilishuka, kisha tumalize."

*

Kwenye chumba cha kuoshea vyombo Shifa alilishika bomba la kioo ili alisuuze. Alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mtungi. Dirishani aliona uwanja wa jiko: Bwana Kirunda, karani wa hospitali, alikuwa amesimama mbele ya Topista.

"Mgonjwa amekaribia kufa kwa uvivu wako! Mtu amechomwa insulini, uji hakuna! Funga vitu vyako."

"Kuni zimelowa, bwana. Niliomba turubai tangu mwezi wa Ramadhani."

"Funga vitu vyako, nimesema."

Shifa aligeuza uso. Uji ulikuwa umechelewa, ni kweli. Lakini mbona mgonjwa aliporomoka hivyo? Kuna siku uji ulichelewa zaidi, na Afande alilalamika njaa tu. Akalitazama bomba mkononi. Karibu na shingo yake palikuwa na maandishi madogo yaliyofifia kwa kuchemshwa: 40. Akatoka hadi kabatini, akaichukua ile chupa. Chini ya jina la dawa iliandikwa: yuniti 100 kwa kila mililita.

Alisimama pale akihesabu, ingawa jibu alikwisha kulijua. Bomba lilikuwa limechorwa kwa dawa ya zamani, yenye yuniti arobaini katika mililita. Alama ya kumi na sita ilikuwa chini kidogo ya nusu mililita. Kwa dawa ya chupa hii, nafasi hiyohiyo ilibeba yuniti arobaini. Alikuwa amemchoma mzee dozi mbili na nusu.

"Unatazama nini?" Sista Nulu alikuwa nyuma yake.

Shifa alimwonyesha chupa, akamwonyesha bomba. Nulu aliligeuza bomba hadi akaiona namba. Rangi ya uso wake ilibadilika.

"Maboksi yalikuja na mabomba yake," alisema kwa sauti ya chini. "Ya plastiki, yenye kifuniko cha chungwa pia. Nimeyafungia kabati la juu. Nilisema tuyatunze, haya ya kioo bado yanafaa. Vitu hapa vinakwisha, Shifa. Wewe hukuwa hapa tulipofunga vidonda kwa mapazia."

"Sista, nimwambie mtahini?"

"Umesifiwa mbele ya watu wote. Mzee amezinduka. Uji ulichelewa au haukuchelewa?"

"Ulichelewa."

"Basi sema uji. Si uongo. Mimi nitayatoa yale mabomba leo jioni, kimyakimya." Akamshika mkono. "Nina watoto, Shifa. Na wewe una bibi mmoja anayekungoja."

Shifa aliutazama uwanja. Topista alikuwa akifunga sufuria yake mwenyewe kwenye kanga, akiipangusa kwanza, kama ambavyo Jaja angefanya.

"Dawa bado inafanya kazi mwilini, Sista," alisema. "Hii huvuta muda wa saa sita, hata nane. Wakidhani ni uji, wakishamlisha watamwacha alale. Mchana atashuka tena, na watafikiri amesinzia."

Nulu aliachia mkono wake. Hakumzuia.

*

"Haya, binti," alisema Sista Margret. "Kwa nini sukari ilishuka?"

"Kwa sababu nilimpa insulini nyingi kupita kiasi."

Kalamu ya mtahini ikasimama.

Shifa aliviweka juu ya meza chupa na bomba. Alieleza yote kwa mpangilio. "Dozi iliyoandikwa ni yuniti kumi na sita. Nilivuta dawa ya mia kwa bomba la arobaini. Nilisoma jina na tarehe, sikusoma nguvu. Amepata yuniti arobaini, leo asubuhi. Sikumngoja mwuguzi aje aone kwa macho, nilikubali kuulizwa kwa mbali. Tena nilichoma kabla ya kuona uji uko tayari. Mpishi hakukosea. Mimi ndiye niliyechoma. Naomba daktari aitwe sasa hivi, kwa maana insulini hii haijakwisha mwilini."

"Kuna lingine?"

"Mgonjwa awekewe dripu ya glukosi, ale, na damu yake ipimwe kila nusu saa, asiachwe peke yake. Dozi ya jioni isitolewe mpaka daktari aiseme. Na..." Wazo hilo lilimjia akiwa anazungumza, akasimama wima. "Sista, wodi ya wanawake wana mgonjwa wa insulini. Wao walifungua boksi la msaada juzi."

Sista Margret hakuuliza zaidi. Aliacha kalamu mezani na kutoka haraka, viatu vyake vikilia sakafuni.

Daktari alikuja, akaanzisha dripu. Kwenye wodi ya wanawake walimkuta mama mmoja aitwaye Janepher, ambaye kwa siku mbili alitoka jasho na kutetemeka kila baada ya sindano. Walikuwa wakimpa dawa ya malaria. Bomba lake lilikuwa la kioo, na chupa yake ilikuwa na kifuniko cha chungwa.

Adhuhuri, sukari ya Mafabi ilishuka tena, kama Shifa alivyosema. Safari hii walikuwa wamekaa naye, na dripu ilikuwa mshipani. Hakuzimia.

Sista Nulu alilifungua kabati la juu mbele ya wote. Alitoa mabomba yote mapya, akayapanga kando ya chupa zake, kisha akayafungasha yale ya kioo ndani ya kitambaa. "Na kosa la kutokuja kuangalia ni langu," alimwambia mtahini. "Liandike jina langu pia." Baadaye alishuka jikoni mwenyewe, akamtafuta Topista, akamkuta bado amekaa juu ya kifurushi chake, hajui aende wapi. Haijulikani walisemezana nini. Lakini chai ya saa kumi ilitoka jikoni kwa wakati, na kikombe cha Shifa kilikuwa kimefunikwa kisahani ili kisipoe.

*

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa la mwisho. Shifa alivuta kigoda karibu na kitanda cha dirishani.

"Afande, kilichokupata asubuhi nilikifanya mimi." Akamweleza kwa maneno mepesi, bila kumtaja mtu mwingine. "Nakuomba radhi."

Mafabi alijiinua kwa kiwiko. "Mimi nimetembea toka Teso," alisema. "Risasi imepita hapa, imepita hapa. Halafu mtoto wa Walukuba anataka kuniua na kasindano kama mwiba?"

"Ndiyo, Afande."

"Usiseme 'ndiyo Afande' kwa neno kama hilo!" Akageuka ukutani. "Nenda. Kesho aje mwingine."

Shifa alisimama.  Alimrekebishia blanketi miguuni, naye hakuutoa mguu.

Mlangoni Sista Margret alikuwa akimngoja. "Unajua siwezi kukupitisha," alisema.

"Najua, Sista."

"Sehemu ya dawa umeshindwa. Utairudia Mbale, kwangu, baada ya mwezi mmoja wa kuwa kazini huko kila siku chini ya jicho langu. Nyingine zote umefaulu."  "Mimi nimetahini wasichana wengi. Wengine wangenieleza habari ya uji tu."

Jioni, Jaja Hajarah alisikiliza habari yote mpaka mwisho, akichambua mchele kwenye ungo.

"Kwa hiyo sukari ya Idd ameinywa askari jela," alisema.

"Ameinywa, Jaja. Na nimeshindwa mtihani."

"Mzee yu hai?"

"Yu hai."

"Na yule mpishi?"

"Yuko kazini."

Bibi akapepeta ungo, makapi yakaruka. "Mbale ni baridi asubuhi," alisema. "Nitakutolea lile sweta la sandukuni."

*

Mwezi ule wa Mbale, Shifa aliinua kila chupa kwenye mwanga na kuisoma kwa sauti, na mwenzake akaisoma tena, hata wasichana wengine wakawa wanamwiga kwa mzaha, wakisimama kama imamu mbele ya safu. "Nguvu mia! Bomba mia! Aaamin!" Alicheka nao, kisha akasoma tena. Siku Sista Margret alipotia sahihi, alisema tu, "Vizuri," na kumpa karatasi yenye njia ya kufika mahali. "Mgonjwa wako alirudishwa nyumbani. Yuko hapahapa Mbale, Namakwekwe. Kidole kimoja kimekwenda, mguu umebaki."

Shifa alikwenda Jumapili, akiwa amevaa sweta la Jaja. Mlima Wanale ulikuwa umejifunika ukungu. Mafabi alikuwa amekaa kibarazani, mguu juu ya kigoda, mkwewe Hasifa akichambua maharage kando yake.

"Aha!" alipaza sauti. "Muuaji amefika. Hasifa, ficha sindano!"

"Msamehe, dada," alisema Hasifa. "Amekuwa akiuliza habari zako tangu juzi."

"Sikuuliza. Nilisema tu ninaona huyu wa hapa anachoma bila mtu wa kumwangalia."

Hasifa ndiye aliyekuwa akimchoma sasa, na mikono yake iliogopa. Shifa alikaa naye. Wakaitoa chupa kwenye mtungi wa maji wenye mchanga uliolowa, walikoikinga na joto. Akamwonyesha namba ya chupa na namba ya bomba, zikiwa mia kwa mia. Akamwonyesha kwamba kwanza chakula kiwe tayari, kionekane kwa macho, ndipo sindano. Hasifa alivuta dawa, akasoma kwa sauti: kumi na sita. Shifa akainama, akaangalia karibu kabisa.

"Kumi na sita," akasema.

Mafabi alichomwa bila kukunja uso. Kisha akaletewa ndizi zilizopikwa na karanga, na alisisitiza Shifa ahudumiwe kwanza, kwa sahani ya kauri ambayo Hasifa aliitoa chumba cha ndani, akiipangusa vumbi kwa upindo wa gauni. Walikula, Shifa akiwasimulia habari ya ile sukari ya Idd. Mzee alimwuliza kama bibi yake bado anamkumbuka yule mwizi wa sukari. Shifa alisema bibi anamdai.

Jua lilipokaribia kuzama alisimama kuaga. Mafabi alitafuta fimbo, akajaribu kusimama, akakaa tena.

"Wewe dada."

"Naam, Afande."

"Sasa umekuwa Sista kamili. Utarudi Jinja, utasahau vidole vya watu." Alikohoa, akatazama mlima. "Huyu Hasifa mkono wake bado unatetemeka. Jumapili ijayo njoo tena umwangalie. Njoo na bibi, nimwone anayenidai."

"Tutakuja, Afande."

"Si kwa ajili yangu," alisema. "Lakini njoo."